Kunyonyoka kwa nywele kufuatia uzazi wa mpango wa homoni

Kunyonyoka kwa nywele kufuatia uzazi wa mpango wa homoni ni hali ya muda ambapo nywele hutoka kwa wingi, kwa kawaida miezi 2 hadi 4 baada ya mwanamke kuanza au kuacha vidonge, sindano au kipandikizi. Si kila mtumiaji hupatwa. Estrojeni ya vidonge vingi hurefusha kipindi cha ukuaji wa unywele. Ikishuka ghafla, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha hutoka karibu wakati mmoja. Anayeacha vidonge Januari huenda akaona mabadiliko Machi au Aprili. Kwa sindano ya miezi 3 huweza kuchelewa zaidi, kwa kuwa dawa huisha mwilini polepole.

Nyalenda, mtaa wa Kisumu ambako wanawake wengi husuka, hali hii hugunduliwa wakati wa kufumua. Hapo ni rahisi kukosea: kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, nazo hunaswa kwenye misuko, hivyo rundo kubwa baada ya wiki 6 laweza kuwa la kawaida. Unywele ulionyonyoka una kifundo cheupe mwishoni, uliokatika hauna. Upara wa kwenye paji na kando ya masikio pekee kwa kawaida husababishwa na misuko inayokaza.

Nywele kwa kawaida huacha kutoka kwa wingi ndani ya miezi 6. Zikiendelea kutoka, upungufu wa damu na tezi ya shingo vipimwe. Anayetaka kubadili njia aanze nyingine kwanza, maana mimba huweza kuingia mapema.