Ulishaji hafifu wa uzi katika printa ya 3D

Ulishaji hafifu wa uzi ni hali ambapo uzi wa plastiki unaofika kwenye pua ya printa ya 3D ni pungufu kuliko ule ulioagizwa na programu. Kitu kinachochapwa hutoka na tabaka nyembamba au mianya kwenye kuta. Mara nyingi pua hulaumiwa kwamba imeziba, ilhali kasoro iko nyuma yake, kati ya rili ya uzi na ekstruda.

Ekstruda ndiyo husukuma uzi. Gurudumu la meno huzungushwa na mota, na kigurudumu laini kwenye mkono wenye springi huubana uzi dhidi ya meno hayo. Springi ikilegea, meno huteleza. Ikikazwa mno, uzi wa milimita 1.75 huwa bapa na kukwama mrijani. Mkazo unaofaa huacha alama za meno zinazoonekana bila kuharibu umbo la uzi.

Uzi ukizuiliwa huku gurudumu likizunguka, meno husaga sehemu ile ile hadi kuchimba pengo. Unga wa plastiki hujaa kati ya meno, na baada ya hapo hata uzi mzima haushikiki vizuri. Kukaza springi tu hakutibu kitu. Kipande kilicholika hukatwa, meno husafishwa kwa brashi, kisha chanzo cha kizuizi hutafutwa.

Chanzo hicho huweza kuwa rili yenyewe. Rili yenye kilo 1 ya uzi ni nzito, na ikisuguana na kishikio chake huvuta uzi nyuma. Tatizo jingine ni uzi kutatizika. Ncha ikiachwa huru wakati wa kubadilisha rili, hupita chini ya mzunguko mwingine. Uchapaji huenda vizuri kwa saa kadhaa, halafu kitanzi hukaza ghafla. Ndiyo maana ncha hufungwa kwenye tundu la ukingo wa rili.

Kutofautisha rili na pua ni rahisi. Pua ikiwa imepata moto, uzi hutiwa alama milimita 120 kabla ya mlango wa ekstruda, kisha milimita 100 huagizwa:

```
M83
G1 E100 F100
```

Zinapaswa kubaki milimita 20. Tuseme zimebaki 32: zimeingia 88 tu. Jaribio hurudiwa baada ya kufungua kwa mkono karibu mita moja ya uzi ili ulegee. Zikibaki 20, mvuto wa rili ndio uliozuia zile 12. Zikibaki tena 32, uchunguzi huhamia kwenye springi, meno na pua.

Wengi hukimbilia kurekebisha hatua za mota kwa amri ya `M92`. Katika mfano huu wangeziongeza kwa karibu asilimia 14, na siku rili itakapozunguka kwa urahisi, plastiki ingezidi kwa kiasi hicho hicho.