Fibromi ya kizazi: mahali inakaa ni muhimu kuliko ukubwa wake

Wamama wengi wakitoka ku ekografi, swali la kwanza wanauliza ni hili: "Iko na santimetre ngapi?" Ni swali la maana, lakini si la kwanza. La kwanza ni kujua inakaa wapi.

Fibromi ni uvimbe unaoota kwenye nyama ya kizazi. Ni mara chache sana inakuwa kansa. Wamama wengi wanazeeka nayo bila kujua, na ile isiyosumbua haiombi dawa wala kisu. Mutu anaacha tu inapimwa mara kwa mara.

Tuchukue mama mmoja wa miaka 36, muuza vitunguu ku soko la Kadutu, mwenye mutoto mmoja na anayetafuta wa pili. Siku zake za mwezi zinachukua siku 9. Anabadilisha kotekisi kila saa mbili, na mabonge ya damu yanatoka. Usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa. Akipanda mulima na mzigo wake, moyo unapiga mbio. Jamaa wanasema amerogwa.

Ku hospitali wanaanza na kipimo cha mimba, sababu mimba inayoharibika nayo inatoa damu. Kiisha wanaangalia mlango wa kizazi, maana kansa ya pale inaweza kujificha nyuma ya maneno ya "ni fibromi tu". Damu yake inapimwa: hemoglobini 7.4, wakati mwanamke asiye na mimba anapaswa kuwa na 12 ao zaidi. Ekografi inaonyesha fibromi mbili. Moja ya santimetre 2 inaingia ndani, kwenye nafasi ambamo mutoto anakaa. Ingine ya santimetre 8 imeota inje ya kizazi, upande wa mbele.

Jamaa yote inaogopa ile kubwa. Lakini inayomwaga damu ni ile ndogo. Inavuta ngozi ya ndani ya kizazi, ile inayobomoka kila mwezi, na kuzuia kizazi kujikaza vizuri ili damu ikatike. Ile kubwa haimwagi kitu: inakalia kibofu, njo maana ya kukojoa kila saa. Kama ingekuwa nyuma, ingeleta kufunga choo na maumivu ya mgongo. Fibromi kubwa sana inaweza hata kubana njia ya mkojo na kuumiza figo polepole.

Ukishaelewa hiyo, kuchagua matibabu kunakuwa rahisi kidogo. Dawa inasaidia zaidi damu. Haisaidii sana kubanwa. Asidi traneksamiki, kwa mfano, inamezwa siku za damu nyingi tu: vidonge 2 vya miligramu 500, mara 3 kwa siku, kwa siku 4 hivi. Inapunguza damu, lakini fibromi inabaki palepale. Mwenye alishapata damu kuganda ku mguu ao ku mapafu asiimeze. Kuna pia homoni, ya vidonge ao ya kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kizazi. Lakini hizo mara mingi zinazuia mimba, na kifaa kinaweza kutoka kama fibromi imepinda nafasi ya ndani. Kuna sindano zinazopunguza fibromi kwa miezi michache. Ukiacha, inaota tena. Dawa ya kuiyeyusha moja kwa moja haipo, hata ile ya miti wanayouza ku barabara.

Mama wetu anapewa asidi traneksamiki na vidonge vya chuma, akikatazwa kunywa chai pamoja navyo, sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kwa nini wasimpasue mara moja? Kutoa fibromi kunaweza kumwaga damu nyingi, na mutu mwenye 7.4 hana akiba. Kisha miezi miwili amefika 10.8.

Shangazi yake anashauri watoe kizazi chote, "mambo iishe". Ni kweli, inaisha: hakuna tena damu ya mwezi wala fibromi. Kwa mama wa miaka 46 aliyemaliza kuzaa, hiyo inaweza kuwa njia nzuri. Lakini huyu anataka mutoto. Anachagua kutolewa zile fibromi mbili tu, kizazi kibaki.

Munganga anamwambia ukweli mbele ya kutia sahihi. Fibromi ingine inaweza kuota kisha miaka. Atangoje miezi kadhaa mbele ya kubeba mimba, na kuzaa kunaweza kuomba kupasuliwa, sababu ya kovu. Na damu ikikataa kusimama mezani, wanaweza kulazimika kutoa kizazi ili kumwokoa. Kwa hiyo, kabla ya siku ile, uliza: damu ya kuongeza iko tayari?

Mbili zisizongoja miadi: kulowesha kotekisi kila saa kwa zaidi ya saa mbili huku unasikia kizunguzungu, na damu yoyote inayorudi wakati siku zako zilishakatika kabisa kwa mwaka mzima. Kisha umri ule fibromi kwa kawaida zinanywea, kwa hiyo damu ile inaweza kuwa na sababu ingine.