Kumnunulia mtoto kishikwambi: kijaribu kwa Kiswahili kabla ya kulipa

Muuzaji wa Bujumbura akisema kwamba kishikwambi chake "kinakubali Kiswahili", mwombe akuoneshe. Herufi si tatizo, kwa kuwa kifaa kinachoandika Kifaransa huandika Kiswahili pia. Jambo la kuuliza ni kama kinasoma Kiswahili kwa sauti, hasa ikiwa mtoto bado hajajua kusoma.

Umuhimu wa sauti ulionekana mkoani Tanga, Tanzania, katika shindano la XPRIZE lililomalizika mwaka 2019. Karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, zilimwongoza mtoto kwa sauti na picha.

Dukani, kwenye kishikwambi cha Android, fungua mipangilio, tafuta ukurasa wa lugha, kisha ongeza Kiswahili. Ukiulizwa nchi, kwa kawaida Burundi haimo, chagua Tanzania. Pakua sauti ya Kiswahili na hadithi moja ya African Storybook, ambazo hutolewa bure. Sasa zima intaneti, kisha uifungue hadithi na uagize isomwe. Kifaa kikinyamaza, nyumbani pia kitanyamaza kila kifurushi cha intaneti kitakapokwisha.

Kisomeo cha vitabu kama Kindle hakina menyu ya Kiswahili. Hata hivyo, humfaa mtoto wa madarasa ya juu anayesoma mwenyewe, kwani chaji yake hudumu kwa wiki kadhaa, faida kubwa umeme unapokatika. Udhaifu wake ni kioo: chini ya ukurasa huo wa kijivu mara nyingi kuna bamba jembamba la kioo, nalo huvunjika likibanwa na madaftari mkobani. Mistari isiyofutika ndiyo dalili yake, na kubadilisha kioo hicho huweza kugharimu karibu sawa na kifaa kipya.

Kuhusu uimara, tazama alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP52 huhimili matone tu, IP68 huhimili kuzamishwa. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu kuanguka, hivyo nunua kava la mpira ambalo kingo zake zimepanda juu ya kioo.

Udhibiti wa mzazi kwa Family Link huhitaji akaunti ya Google. Ukibadilisha muda wa matumizi kwenye simu yako, badiliko halifiki kwa mtoto mpaka kifaa chake kipate intaneti. Kwa nyumba isiyo na intaneti ya kudumu, naona njia nyingine ni bora: Android huweza kufungia kioo kwenye programu moja, na mtoto hawezi kutoka humo bila namba ya siri. Chaguo hilo limo katika mipangilio ya usalama. Liwashe kabla ya kumkabidhi, na namba hiyo isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.