Haiti: Ni Mbu au Ni Watu Walioshinda?

Msomaji mmoja ameuliza: je, ni kweli kwamba watumwa wa Haiti hawakulishinda jeshi la Napoleon, bali homa ya manjano ndiyo iliyolimaliza? Nusu ya swali hilo ni kweli, na nusu hiyo imetumika kwa muda mrefu kuwanyang'anya watu wale ushindi wao.

Nchi ile iliitwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililotajirika kwa miwa na kahawa. Ilikuwa na watumwa karibu nusu milioni, wengi wao wakiwa wamezaliwa Afrika. Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa kaskazini waliinuka na kuyachoma mashamba ya mabwana. Kufikia 1794 Ufaransa ilikuwa imelazimika kufuta utumwa katika makoloni yake, na miaka michache baadaye nchi nzima ilikuwa mikononi mwa Toussaint Louverture, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Napoleon hakuvumilia hali hiyo. Februari 1802 shemeji yake, Jenerali Leclerc, alitia nanga akiwa na maelfu ya askari.

Henri Christophe, jenerali wa Toussaint aliyeshika mji wa Cap, alikataa kuukabidhi. Aliutia moto, na nyumba yake mwenyewe ikateketea pamoja nao. Siku hizohizo Toussaint alimwandikia jenerali wake mwingine, Dessalines, kwamba wakati wanasubiri mvua ziwaondolee adui, silaha yao ni moto na uharibifu. Kwa hiyo homa haikuwaokoa kwa bahati. Waliijua. Miaka michache tu nyuma walikuwa wameona Waingereza waliovamia koloni wakifa nayo kwa maelfu. Mbu anayeieneza huzaliana kwenye maji yaliyotuama vyomboni, na viwanda vya sukari vilijaa vyungu vya udongo vilivyokinga mvua. Wenyeji wengi walikuwa wameugua utotoni wakapona, na homa hii ikishakupata mara moja hairudi. Askari aliyetoka Ulaya hakuwa na kinga hiyo.

Lakini tuitazame Mei 1802. Homa ilikuwa imeshaanza kuua, na bado Toussaint, Christophe na Dessalines wote walikuwa wamesalimu amri. Mwezi uliofuata Toussaint alikamatwa kwa hila, akasafirishwa hadi ngome ya Joux katika milima yenye baridi ya Ufaransa, akafia humo Aprili 1803. Kama vita vingekuwa vya majenerali peke yao, Leclerc angekuwa ameshavimaliza, kwa homa au bila homa.

Waliomharibia mambo ni watu wa milimani. Leclerc aliamuru wakulima wote wanyang'anywe bunduki. Kwa mtu aliyetoka utumwani, bunduki ile ndiyo iliyomhakikishia kwamba hakuna atakayemrudisha shambani kwa kiboko, basi akakataa kuitoa. Kisha zikaja habari kutoka Guadeloupe, kisiwa kingine cha Wafaransa, kwamba huko utumwa umerudishwa. Makundi ya milimani yakaongezeka. Wengi wa viongozi wao, kama Sans Souci na Macaya, walikuwa wazaliwa wa Afrika walioendelea kupigana. Inauma kusema, lakini ni lazima isemwe: miezi hiyo Dessalines na Christophe waliwasaka watu hawa kwa niaba ya Wafaransa. Ni Oktoba 1802 tu, walipoona upepo umegeuka, ndipo majenerali hao walipowageuka mabwana wao wapya na kuungana na waasi.

Leclerc alifikia kumwandikia Napoleon kwamba inapasa kuwaua weusi wote wa milimani, wanaume kwa wanawake, na kuwaacha hai watoto wa chini ya miaka 12 tu. Mtu anayeshindwa na mbu haandiki hivyo. Homa ilimuua yeye mwenyewe Novemba 2. Rochambeau aliyemrithi alileta mbwa kutoka Kuba wa kuwararua mateka, na akawatosa watu baharini. Ukatili huo uliwasukuma hata waliokuwa wakisitasita wajiunge na Dessalines. Mei 1803 Uingereza ikarudi vitani na Ufaransa, na manowari zake zikafunga bandari.

Hata hivyo, ngome haitekwi na homa. Novemba 18, 1803, kwenye ngome ya Vertières nje ya mji wa Cap, kikosi cha François Capois kilipanda kilima mara kwa mara chini ya mizinga. Farasi wa Capois aliuawa chini yake. Akainuka, akachomoa upanga, akaendelea kwa miguu mbele ya watu wake. Inasimuliwa kwamba Wafaransa walisitisha risasi kwa muda wampigie saluti.

Usiku huo Rochambeau aliomba mapatano. Januari 1, 1804, mjini Gonaïves, Dessalines alitangaza uhuru, na nchi ikarudishiwa jina la wenyeji wake wa kale, Haiti. Rochambeau alipotoka bandarini aliangukia mikononi mwa Waingereza, wakamshikilia mateka hadi 1811.