Faida juu ya faida: kwa nini akiba ya elfu moja kwa mwezi hukua hivi

Kila mwisho wa mwaka, vyama vya akiba na mikopo vinapotangaza faida ya wanachama, swali ni lile lile: niitoe nile, au niiache humo humo? Wengi huitoa kwa sababu mwanzoni ni pesa chache. Naomba leo tulipigie hesabu swali hili, kwa sababu jibu lake halionekani mwaka wa kwanza wala wa tatu.

Tuchukue mama muuza mbaazi na mahamri pale Majengo. Kila mwezi huweka shilingi 1,000, yaani 12,000 kwa mwaka. Tuseme faida ni asilimia 8 kwa mwaka na, ili hesabu iwe nyepesi, kila fungu la 12,000 linaanza kuhesabiwa mwaka unapokwisha.

Mwaka wa kwanza ana 12,000. Mwaka wa pili hizo zinamzalia 960. Akizitoa, mwaka wa tatu faida itahesabiwa juu ya 24,000 alizoweka mwenyewe, apate 1,920. Hii ndiyo riba sahili: mtaji pekee ndio unaozaa. Akiziacha, hesabu itakuwa juu ya 24,960, apate 1,996 na senti 80. Hii ndiyo riba ambatani: faida nayo imegeuka mtaji. Tofauti ni shilingi 77 hivi, haifiki hata bei ya kilo ya sukari. Hapo ndipo watu hukata tamaa.

Sasa tazama miaka ikisonga. Jumla ya kwanza ni ya riba sahili, tukihesabu pamoja na faida zote alizokwisha kutoa. Ya pili ni ya riba ambatani.

Miaka 5: 69,600 na 70,399.
Miaka 10: 163,200 na 173,839.
Miaka 20: 422,400 na 549,144.
Miaka 30: 777,600 na 1,359,399.

Baada ya miaka mitano tofauti haifiki shilingi 800. Baada ya thelathini inapita 580,000, na mama ni yule yule, elfu moja yake ni ile ile. Sababu ni kwamba katika riba sahili faida ya kila mwaka huongezeka kwa hatua moja isiyobadilika, shilingi 960. Katika riba ambatani hatua yenyewe hurefuka kila mwaka. Kwa hiyo miaka ya mwisho ndiyo yenye uzito, na anayevunja akiba mwaka wa kumi na tano amekata mnazi unaoanza kuzaa.

Utajuaje akiba yako iko upande gani? Chukua taarifa za akaunti za miaka minne na uandike faida ya kila mwaka. Ikiwa uliweka kiasi kile kile na asilimia haikubadilika, toa faida ya mwaka mmoja kutoka kwa ya mwaka unaofuata. Jibu likiwa sawa kila mara, faida yako haizai. Likikua, inazaa. Vyama vingine hupeleka faida kwenye akaunti ya kutolea pesa, ambako inakaa bure. Uliza, na ukitaka irudi kwenye akiba, andika barua ya maagizo.

Najua wasomaji wengi wameshtuka kwa neno riba, na wana haki. Asiyeila riba hakosi hesabu hii. Katika mudharaba, ambao hutumika katika benki za Kiislamu kama Gulf African Bank, mwenye mali na mwenye kuifanyia kazi hugawana faida ya biashara kwa uwiano waliokubaliana. Ukiliacha gawio lako ndani, nalo huingia kazini mwaka unaofuata. Tofauti ni kwamba hakuna asilimia 8 ya kuahidiwa: mwaka mmoja huenda ikawa tisa, mwingine tatu, na hasara ya mtaji ikitokea ni ya mwenye mali, ila pale ambapo msimamizi amezembea au amekiuka masharti.

Kuna mawili yanayopunguza jumla hizo. La kwanza ni kodi. Benki hapa Kenya hukata asilimia 15 ya riba ya mkaazi, hivyo 8 yako hubaki 6.8, na ile 549,144 ya miaka ishirini hushuka hadi karibu 481,000. La pili ni kupanda kwa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, kinachokua kweli ni zile pointi chache zinazobaki juu yake. Faida ikiwa chini ya kupanda kwa bei, tarakimu zitaongezeka kwenye karatasi huku kapu la sokoni likipungua.

Na deni nalo hufuata hesabu hii hii. Mkopo ambao riba isiyolipwa huongezwa kwenye deni utakutendea kinyume cha alivyotendewa mama wa mahamri.