Nyumba ya saba: Jinsi wanajimu wanavyomtabiri mwenzi wa ndoa

WATU wengi wanaosoma kurasa za nyota magazetini huamini kwamba mwezi aliozaliwa mtu unatosha kueleza ni nani atakayemfaa kwa ndoa. Wanajimu wenyewe hawasemi hivyo. Wakiulizwa kuhusu mume au mke, huiacha kando nyota ya mwezi wa kuzaliwa na kutazama upande wa magharibi wa anga, yaani sehemu iliyokuwa ikizama dakika ile mtoto alipotoa kilio chake cha kwanza. Sehemu hiyo huitwa nyumba ya saba.

Anga, kwa hesabu ya wanajimu, ni duara lenye buruji 12, ambazo watu wa kawaida huziita nyota: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Kwa kuwa dunia hujizungusha, buruji zote hupita juu ya upeo kila siku. Wakati wowote ule, moja huwa inachomoza mashariki na iliyo mkabala wake huwa inatua magharibi.

Ile inayochomoza humwakilisha mtu mwenyewe: umbo lake, hulka yake na jinsi anavyoukabili ulimwengu. Inayotua humwakilisha mtu wa pili, yule anayesimama mbele yake uso kwa uso. Ndiyo maana jozi hazibadiliki. Aliyechomozewa na Mizani hutuliwa na Punda, wa Kaa hutuliwa na Mbuzi, na wa Mashuke hutuliwa na Samaki.

Nyumba yenyewe ni kipande cha anga kilicho juu kidogo ya upeo wa magharibi, pale jua linapokuwa alasiri likielekea kuzama. Wataalamu wa kale hawakuiweka kwa ajili ya mapenzi pekee. Mwingereza William Lilly, katika kitabu chake cha mwaka 1647, aliwaweka humo mume na mke, lakini pia washirika wa biashara, wapinzani mahakamani na adui wa wazi. Fikira ilikuwa moja: huyu ni yule ambaye mtu amefungamana naye, kwa heri au kwa shari.

Katika karne ya 20, wanajimu wa Ulaya na Marekani waliongeza maelezo mapya waliyoyaazima kwa mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung. Walisema kwamba buruji inayotua huonyesha sifa ambazo mtu anazo lakini hazikiri, hivyo huziona kwa mwingine na kuvutwa nazo. Mtu wa Mizani, mpole anayechukia ugomvi, angejikuta daima akipenda watu wakali wa Punda, kisha akilalamika kwamba ni wakali.

Hatua tatu za kusoma

Hatua ya kwanza ni kuijua buruji inayotua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama Kenya, makadirio si magumu, kwa sababu kila buruji huchukua takriban saa mbili kuchomoza. Wakati wa macheo, buruji inayochomoza ni ile ile lilimo jua. Kila saa mbili zinapopita, nayo husogea hatua moja.

Chukua mtoto aliyezaliwa Nairobi tarehe 7 Julai saa nne u nusu asubuhi. Jua siku hiyo limo katikati ya Kaa, na limechomoza mnamo saa kumi na mbili u nusu. Saa nne zimepita tangu macheo, ambazo ni hatua mbili: kutoka Kaa hadi Simba, kisha hadi Mashuke. Mtoto huyo amechomozewa na Mashuke. Inayotua ni Samaki, na mnajimu atamtabiria mwenzi mwenye huruma, mwenye ndoto nyingi na asiyependa mipaka.

Hatua ya pili ni kuitafuta sayari inayoitawala buruji hiyo. Samaki hutawaliwa na Mushtarii, Punda na Mirihi, Mizani na Zuhura, na kadhalika. Mahali ilipo sayari hiyo ndipo mwenzi hutazamiwa kutoka. Ikiwa katika nyumba ya kazi, husemwa atapatikana kazini. Ikiwa katika nyumba ya safari, atatoka mbali.

Hatua ya tatu ni kutazama kama kuna sayari yoyote ndani ya nyumba ya saba. Zuhura humo huhesabiwa kuwa neema, Mirihi huashiria joto na ugomvi, na Zohali huashiria ndoa ya kuchelewa au mwenzi aliyemzidi mtu umri. Nyumba isiyo na sayari haimaanishi kwamba mtu hataoa au hataolewa. Sayari ni chache kuliko nyumba, kwa hivyo lazima nyumba kadhaa zibaki tupu kwa kila mtu.

Kisa cha Diana

Mfano unaoonyesha vyema nguvu na udhaifu wa mbinu hii ni wa Diana, aliyekuwa mke wa Charles, mrithi wa ufalme wa Uingereza wakati huo. Alizaliwa Sandringham tarehe 1 Julai 1961. Saa inayotumiwa sana na wanajimu ni saa mbili kasorobo jioni. Nchini humo jua la Julai huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hivyo wakati huo lilikuwa bado juu ya upeo wa magharibi, ndani ya nyumba ya saba.

Buruji iliyokuwa ikichomoza ni Mshale na iliyokuwa ikitua ni Mapacha. Mtawala wake ni Utaridi, ile sayari ambayo wanafunzi huiita Zebaki, nayo pia ilikuwa katika nyumba hiyo hiyo ya saba. Tafsiri ni nyepesi: mume mwenye maneno na fikira nyingi, na kwa kuwa jua ni ishara ya ufalme, mume mwenye cheo. Charles, mpenda vitabu na hotuba, anaonekana kuingia humo sawasawa.

Kwa upande wake, Charles alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948 saa tatu na dakika 14 usiku. Alichomozewa na Simba na kutuliwa na Ndoo. Mwezi wa Diana ulikuwa katika Ndoo. Kwa kanuni za unajimu, kila mmoja alikuwa amepata aliyeandikiwa.

Hata hivyo, kuna saa nyingine ya kuzaliwa kwa Diana ambayo iliwahi kusambaa miongoni mwa wanajimu: saa nane na robo mchana. Ukiitumia hiyo, mambo yote hugeuka. Inayochomoza huwa Mizani na inayotua huwa Punda. Mtawala huwa Mirihi, nyota ya vita, iliyokuwa mwanzoni mwa Mashuke. Mume sasa ni mwanajeshi, mwenye amri na mkosoaji wa mambo madogo madogo.

La ajabu ni kwamba Charles anaingia humo pia. Alihudumu katika jeshi la wanamaji kuanzia 1971 hadi 1976. Ramani mbili zinazopingana zinamwelezea mwanamume yule yule, na msomaji wa kila moja angeondoka akiwa ameridhika.

Wala hakuna iliyotaja lililokuja baadaye. Wawili hao walioana tarehe 29 Julai 1981, wakatengana Desemba 1992 na kutalikiana tarehe 28 Agosti 1996. Ni baada ya hayo kutokea ambapo ni rahisi kuyaona kwenye ramani.

Penye kasoro

Kasoro ya kwanza, basi, ni ya saa. Kosa la saa mbili nchini Kenya hubadilisha mwenzi anayetabiriwa, na mtu aliyezaliwa karibu na mpaka wa buruji mbili hubadilishiwa kwa dakika chache tu. Jamaa akikumbuka kwamba mtoto alizaliwa "alfajiri, jogoo walipowika", hilo halitoshi. Mnajimu anayetaja nyumba ya saba ya mtu bila kuuliza saa na mahali pa kuzaliwa hajaipiga hesabu yoyote; anabahatisha.

Huko kaskazini hali ni ngumu zaidi. Jijini London, Punda huchomoza kwa muda usiotimia saa moja, ilhali Mizani huchukua karibu saa tatu. Kanuni ya saa mbili mbili inayofaa Nairobi haifai huko.

Kasoro ya pili ni kwamba wanajimu hawakubaliani jinsi ya kuzigawa nyumba. Baadhi huchukua buruji nzima kuwa nyumba moja. Kwa mgawanyo huo, jua la Diana, hata kwa saa ile ya jioni, linatoka nyumba ya saba na kuingia ya nane, ambayo ni ya mauti na urithi. Ishara ya mume mwenye cheo inapotea bila yeye kuzaliwa saa nyingine.

Kasoro ya tatu ni ya ushahidi. Jung mwenyewe alilipima suala hili na kuchapisha matokeo mwaka 1952. Alikusanya ramani za wanandoa 483, akalinganisha jua, mwezi, Zuhura, Mirihi, buruji inayochomoza na inayotua. Kundi la kwanza lilionekana kuunga mkono mapokeo ya kale. Makundi yaliyofuata yalileta matokeo tofauti, na kadiri idadi ilivyoongezeka ndivyo matokeo yalivyozidi kufanana na bahati nasibu.

Baadaye, mtafiti David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alichunguza ndoa takriban milioni 10 katika sensa ya 2001 ya Uingereza na Welisi. Hakuona kwamba watu wa nyota fulani huoana zaidi na wa nyota fulani. Utafiti huo ulihusu tarehe za kuzaliwa tu, wala haukugusa nyumba ya saba, kwa kuwa sensa haiulizi saa.

Anayetaka kuijaribu mbinu hii kwa haki anaweza kufanya hivi. Mnajimu apewe tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa bila kuambiwa lolote kuhusu mume au mke, kisha aandike maelezo ya mwenzi. Maelezo hayo yachanganywe na ya watu wengine wanne, majina yaondolewe, na mhusika atakiwe kuchagua yaliyo yake. Kwa kubahatisha tu atapata mara moja katika kila tano. Anayetaka kushawishika ni lazima aone zaidi ya hapo, kwa watu wengi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kuna watu wanaoamuliwa maisha kwalo. Katika mapokeo ya Kihindi, Mirihi ikiwa katika nyumba ya saba ni miongoni mwa dalili zinazoweza kumfanya msichana akataliwe na familia ya mchumba. Kwingineko, mke anayepigwa huweza kuambiwa kwamba Mirihi ndiyo iliyomletea mume mkali, na kwamba hata akiondoka atampata mwingine kama huyo. Maneno hayo humwondolea mpigaji lawama na kumtwika sayari. Hata Lilly, aliyeiamini nyumba hiyo, aliwaweka ndani yake mwenzi na adui pamoja. Kuwatofautisha ni kazi ya aliye kwenye ndoa hiyo, kwa kutazama anavyotendewa.