Makao si ukumbi

Neno "makao" lina mtego wake. Msuluhishi aweza kusikiliza mashahidi Dubai na kuandika tuzo akiwa Nairobi, na bado makao ya usuluhishi yakawa London. Makao ni nchi ambayo sheria yake ya mwenendo inaongoza shauri, na mahakama zake ndizo zinazolisimamia. Anayetaka tuzo ibatilishwe hubisha hodi huko.

Nigeria iliuonja mtego huo. Mkataba wake wa gesi na kampuni ya P&ID, wa mwaka 2010, ulitaja London kuwa mahali pa kusikilizia, lakini ukataja pia sheria ya usuluhishi ya Nigeria. Makao ni wapi, basi? Wasuluhishi walipoamua kwamba Nigeria iliuvunja mkataba, serikali ilikwenda mahakamani Lagos na mwaka 2016 ikapata amri ya kuutengua uamuzi huo. Wasuluhishi walishikilia kwamba makao ni Uingereza, wakaendelea, na mwaka 2017 wakatoa tuzo ya dola bilioni 6.6 na riba juu. Mwaka 2019 mahakama ya London ikakubaliana nao.

Ajabu ni kwamba London hiyohiyo ndiyo iliyoiokoa Nigeria. Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles aliona kwamba tuzo ilipatikana kwa ulaghai, ikiwemo hongo na ushahidi wa uongo. Hakupima kama wasuluhishi walikosea hesabu. Sheria ya makao ilimruhusu kuangalia kasoro kubwa za mwenendo.

Mwandishi wa mkataba, andika "makao", si "mahali".